Gia ya meno ya mshazari isiyokaa mahali pake: kutafuta kosa kati ya m_n, m_t na kipenyo cha hatua

Kosa la kugeuza moduli ya normali kuwa moduli ya mkingamo ni vigumu kuligundua kwa kutazama karatasi, kwa sababu jibu baya mara nyingi hufanana sana na jibu sahihi. Njia ya uhakika zaidi ya kulifichua ni kulinganisha umbali kati ya mihimili uliokokotolewa na umbali uliopimwa kwenye boksi lenyewe la gia, kwa kuwa matundu ya beringi hayachakai kama meno, na hayajali fundi alitumia fomula gani. Zaidi ya hapo, kila kosa huacha alama yake: ukijua umbali umezidi au umepungua kwa kiasi gani, kwa kawaida unaweza kutaja ni hatua ipi ya hesabu iliyokosewa.

Mfano utakaotumika hapa ni mmoja tu. Boksi lina mihimili miwili sambamba, na umbali kati yake ni milimita 100.00. Pinioni ina meno 20, gia kubwa ina meno 45, moduli ya normali ni milimita 3, pembe ya mgandamizo ni nyuzi 20, na pembe ya mshazari ni nyuzi 12.8386, yaani nyuzi 12, dakika 50 na sekunde 19. Upana wa meno ni milimita 30.

Moduli ya normali, m_n, ni ile inayopimwa kwenye mkato unaolipita jino kwa pembemraba, na ndiyo iliyoandikwa kwenye hobi au kisu cha kukatia meno. Moduli ya mkingamo, m_t, ni ile inayoonekana ukiitazama gia kutoka ubavuni, kwenye uso wake wa mviringo. Kwa kuwa meno yamelala kwa mshazari, nafasi kutoka jino hadi jino ni kubwa zaidi kwenye uso huo kuliko kwenye mkato wa pembemraba, na kipenyo cha hatua hutokana na nafasi hiyo kubwa. Hapa β ni pembe ya mshazari, z ni idadi ya meno, d ni kipenyo cha hatua, na a ni umbali kati ya mihimili:

```
m_t = m_n / cos(β)
d   = z × m_t = z × m_n / cos(β)
a   = (d1 + d2) / 2
```

Kosini ya pembe yetu ni 0.975. Moduli ya mkingamo inakuwa 3.0769, kipenyo cha hatua cha pinioni ni milimita 61.538, cha gia kubwa ni 138.462, na nusu ya jumla yake ni 100.000. Hayo ndiyo majibu ya kulinganishia.

Umbali uliokokotolewa umepungua kwa milimita kadhaa

Ukipata 97.5, kosini haikutumika kabisa: 3 ilizidishwa na idadi ya meno kama kwenye gia ya meno yaliyonyooka, na vipenyo vikawa 60 na 135. Ukipata 95.06, kosini ilitumika lakini kwa kuzidisha badala ya kugawa, na ndiyo maana upungufu unakaribia kuwa maradufu. Kanuni ya kukagua ni nyepesi: m_t haiwezi kamwe kuwa ndogo kuliko m_n, kwa hiyo moduli ya mkingamo ya 2.925 ilipaswa kukataliwa kabla ya kuandikwa.

Kinachostahili kuelezwa kwa urefu ni yale yanayotokea iwapo kosa hili halikugunduliwa na gia ikakatwa. Tuseme pinioni ilikerezwa kwa kipenyo cha nje cha milimita 66 badala ya 67.538, kisha ikakatwa kwa hobi ya moduli 3 iliyoinamishwa kwa pembe sahihi, mashine ikiwa imepangwa kwa meno 20 na njia ya ond, yaani umbali ambao jino lingesafiri kwa kuzunguka mhimili mara moja, ikiwa sahihi. Hobi haijui kipenyo ulichokusudia. Inazalisha meno ya gia ambayo kipenyo chake cha hatua ni 61.538, kwa kuwa kipenyo hicho kimeamuliwa na moduli, idadi ya meno na pembe, wala hakiamuliwi na ukubwa wa kipande cha chuma. Kwa kuwa fundi alihesabu kina cha milimita 6.75 kuanzia kwenye uso uliokuwa mdogo kupita kiasi, hobi iliingia ndani zaidi kwa milimita 0.769 kuliko ilivyotakiwa, na kila jino likapungua unene kwa takriban milimita 0.56. Kama gia zote mbili zilitengenezwa hivyo, upungufu wa gia kubwa ukiwa mkubwa zaidi, nafasi ya kucheza kati ya meno inaongezeka kwa takriban milimita 1.8 kwenye mkato wa normali, na kina cha meno kuingiliana kinashuka kutoka milimita 6 hadi 3.5. Gia zitazunguka, lakini zitagongana kila mzigo unapobadilika mwelekeo, na ukishika mhimili mmoja na kuutikisa mwingine utauhisi ulegevu huo kwa mkono.

Hilo linaeleza kwa nini kupima kipenyo cha nje pekee hakutoshi kujua kosa liko wapi. Gia hiyo ikipimwa itaonekana kama gia iliyokerezwa ndogo tu, ilhali meno yake nayo ni membamba. Ipime kwa kalipa ikishika meno kadhaa kwa pamoja, kisha ulinganishe na kipimo kilichokokotolewa. Upungufu wa unene utajitokeza hapo.

Umbali unakaribia kuwa sahihi, lakini si sahihi

Hapa ndipo penye mitego mibaya zaidi. Jibu likiwa la ajabu, kila mtu hulitilia shaka. Jibu likitofautiana kwa nusu milimita, watu huanza kulaumu boksi au beringi.

Anza na kikokotoo. Hali ya radiani kwa kawaida hujifichua yenyewe: kosini ya 15 kwa radiani ni hasi, na hakuna anayeamini gia yenye kipenyo hasi. Pembe ya mfano wetu, hata hivyo, iko karibu na mara nne ya pai, ambayo ni 12.566, na kwa hiyo kosini ya 12.8386 kwa radiani inatoka 0.9632, namba yenye sura ya kuaminika kabisa. Moduli ya mkingamo inakuwa 3.115, kipenyo cha pinioni 62.294, na umbali kati ya mihimili 101.228. Pembe zinazokaribia nyuzi 12 na nusu zina hatari hii, na ni pembe zinazotumiwa sana. Lahajedwali za kompyuta nazo husoma pembe kwa radiani daima, kwa hiyo fomula sharti igeuze nyuzi kwanza:

```
=3/COS(RADIANS(12.8386))
```

Hali ya gradi, ile inayogawa duara katika sehemu 400, hudanganya kwa upande wa pili. Kosini inatoka 0.9797 na umbali unakuwa 99.517. Ukaguzi mmoja unamaliza habari ya hali zote mbili: andika kosini ya 60. Ukipata 0.5 uko kwenye nyuzi, ukipata namba hasi uko kwenye radiani, ukipata 0.588 uko kwenye gradi.

Kosa la dakika na sekunde ni dogo zaidi, na pengine ndilo linalodumu muda mrefu bila kuonekana. Mchoro unasema nyuzi 12, dakika 50, sekunde 19, na mtu anaandika 12.5019. Kosini inakuwa 0.97629, umbali 99.868, na upungufu wote ni milimita 0.13. Dakika hugawanywa kwa 60 na sekunde kwa 3600 kabla ya kujumlishwa na nyuzi, kwa hiyo dakika 50 ni sehemu 0.833 za nyuzi na wala si 0.50.

Halafu kuna kukadiria. Pembe yenye desimali nyingi humchosha mtu, naye huifanya nyuzi 13 kamili. Umbali unakuwa 100.065, na wengi wataona kuwa sehemu sita za mia za milimita hazina uzito. Kwa upande wa kipenyo, huenda wana haki kiasi fulani, ingawa nafasi ya kucheza ya gia za ukubwa huu nayo huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Kwa upande wa mguso wa meno hawana haki, kama itakavyoonekana mbele kidogo. Pembe isiyo namba nzima kwa kawaida ni dalili kwamba msanifu alianza na umbali mzima wa milimita 100, kisha akaitafuta pembe inayoutosheleza. Kwa hiyo ukikutana na pembe ya namna hiyo, iache na desimali zake nne.

Moduli iliyopatikana kwa kupima gia kuukuu haiko kwenye orodha ya moduli sanifu

Fundi anahesabu meno 20, anapima kipenyo cha nje na kupata 67.54, anagawa kwa 22 kama afanyavyo kwa gia ya meno yaliyonyooka, na anapata 3.07. Hakuna hobi ya 3.07, kwa hiyo anaanza kudhani kwamba gia ni ya mfumo wa inchi. Chanzo ni kwamba kipenyo cha nje kina sehemu mbili zinazofuata moduli mbili tofauti: kipenyo cha hatua hufuata m_t, lakini urefu wa kichwa cha jino hufuata m_n, kwa sababu huamuliwa na kisu. Fomula inayofaa ni hii, da ikiwa ndiyo kipenyo cha nje:

```
da  = m_n × (z / cos(β) + 2)
m_n = da / (z / cos(β) + 2)
```

Kwa mfano wetu, 20 ikigawanywa kwa 0.975 ni 20.513, ongeza 2, na 67.538 ikigawanywa kwa 22.513 inarudi 3.000.

Kosa lililo jirani na hili ni la kutumia m_t hadi kwenye kichwa na shina la jino, kwa imani kwamba moduli ikishageuzwa basi kila kitu kinaifuata. Kipenyo cha nje cha pinioni kinakuwa 67.692 badala ya 67.538, na kina cha kukata kinakuwa 6.923 badala ya 6.75. Shina linaingia ndani kupita kiasi kwa karibu milimita 0.1, na meno yanapoteza unene wa takriban 0.07 kwa kila gia. Si kosa la kuvunja boksi, lakini ndilo linaloeleza jozi mpya yenye kelele ambayo vipenyo vyake vya hatua vimekokotolewa vizuri. Kipenyo cha hatua ndicho pekee kinachopata m_t. Kichwa na shina hubaki na m_n.

Yapo pia matumizi mabaya ya idadi pepe ya meno, z ikigawanywa kwa kosini mara tatu, ambayo kwa pinioni yetu ni 21.58. Idadi hiyo ni ya kuchagulia namba ya kisu cha frezi tu. Ikiingizwa kwenye kipenyo cha hatua kwa kuzidishwa na 3 inatoa 64.73, na hakuna dalili nyingine itakayohitajika.

Pinioni na gia kubwa zinaonyesha pembe tofauti

Gia mbili kwenye mihimili sambamba lazima ziwe na pembe moja ya mshazari, moja ikielekea kulia na nyingine kushoto. Fundi anapaka wino kwenye ncha za meno, anaiviringisha gia juu ya karatasi kando ya rula, na kupima mwinamo wa mistari. Kwa pinioni anapata nyuzi 14.04, kwa gia kubwa anapata 13.38. Anahitimisha kwamba moja imekatwa vibaya, au anachukua wastani. Yote mawili ni makosa.

Mistari ile iliachwa na ncha za meno, wala si na duara la hatua. Njia ya ond ni ileile kwenye kila kipenyo cha gia, na kwa hiyo mwinamo huongezeka kadiri unavyotoka nje. Kwa pinioni, ambayo kichwa cha jino ni sehemu kubwa ya kipenyo chake, ongezeko ni kubwa; kwa gia kubwa ni dogo. Tofauti ya pembe uliyoipima ni ushahidi kwamba gia zote mbili ni nzima. Ukiichukua 14.04 na kuiingiza kwenye fomula ya m_t, umbali unatoka 100.50, nusu milimita zaidi ya ule wa boksi.

Marekebisho hayahitaji kukijua kipenyo cha hatua kabla. Ikiwa βa ndiyo pembe iliyopimwa kwenye ncha, basi:

```
sin(β) = z × m_n × tan(βa) / da
```

Kwa pinioni, 20 mara 3 mara 0.2501, ikigawanywa kwa 67.538, inatoa 0.2222. Kwa gia kubwa, 45 mara 3 mara 0.2378, ikigawanywa kwa 144.462, inatoa 0.2222 vilevile. Sini hiyo ni ya nyuzi 12.84, na gia mbili zimekubaliana. Zisipokubaliana baada ya marekebisho haya, hapo ndipo pa kuanza kushuku kipimo, na kwa haki: kwenye meno yenye upana wa milimita 30, kosa la milimita 0.1 katika kuusoma mstari wa wino linasogeza pembe kwa takriban sehemu mbili za kumi za nyuzi. Kwa sababu hiyo, kuviringisha gia kwenye karatasi kunatosha kukuonyesha pembe iko karibu na ngapi, na umbali wa boksi ndio unaoikamilisha. Ukiwa na moduli na idadi ya meno, kosini ni 3 mara 65, gawa kwa mara mbili ya 100, yaani 0.975.

Kipenyo ni sahihi, lakini meno yanagusana upande mmoja tu

Paka rangi ya kukagulia mguso, zungusha jozi kwa mzigo mwepesi, na utazame. Rangi ikifutika kwenye ncha moja ya upana wa jino pekee, tatizo ni pembe au njia ya ond, hata kama umbali umekaa sawa. Kosini hubadilika polepole kwenye pembe ndogo, kwa hiyo kipenyo cha hatua husamehe kosa la pembe. Tanjenti hubadilika haraka, na meno hayasamehi. Ile pembe iliyokadiriwa kuwa nyuzi 13 iliongeza umbali kwa milimita 0.065 tu, lakini pinioni mpya yenye nyuzi 13 ikiwekwa na gia kuukuu yenye 12.8386, meno yanaachana kwa karibu milimita 0.09 kutoka ukingo hadi ukingo wa upana wa 30.

Chanzo cha pili ni kukokotoa njia ya ond kwa kipenyo kisicho sahihi. Fomula ya kawaida huzidisha kipenyo cha hatua kwa pai na kugawa kwa tanjenti ya pembe. Ukitumia 60 badala ya 61.538, mashine inapangwa kwa milimita 827.1 badala ya 848.3, na mguso unapotea kwa zaidi ya milimita 0.17 kwenye upana uleule. Ni bora kutumia fomula isiyopitia kipenyo hata kidogo:

```
njia ya ond = π × z × m_n / sin(β)
```

Angalia pia kwamba kosa hili hujificha gia zote mbili zikikatwa upya pamoja. Zote zinapata kosa la uwiano mmoja na kugusana vizuri; dalili inatokea tu mojawapo inapokuja kubadilishwa peke yake.

Kila hesabu inarudi sawa, na bado boksi halikubali

Pembe imehakikiwa kwenye gia zote mbili, kikokotoo kiko kwenye nyuzi, na bado umbali wa boksi si ule uliokokotolewa. Hapo tazama vipenyo vya nje. Pinioni ikiwa na 68.738 badala ya 67.538, huku gia kubwa ikiwa na 144.462 kamili, meno ya pinioni yamekatwa kwa kusogezwa nje makusudi. Tofauti ya milimita 1.2 ikigawanywa kwa mara mbili ya moduli ya normali inatoa 0.2, ambayo ndiyo kadirio la kiwango cha usogezaji, na boksi lake litakuwa na umbali ulio chini kidogo ya 100.6. Usiibadilishe pembe ili ilingane na umbali huo. Kipenyo cha hatua cha pinioni bado ni 61.538, na m_t bado ni 3.0769, kilichobadilika ni kipenyo cha nje na cha shina, na hivyo ndivyo vya kuandikwa kwenye mchoro wa gia mpya pamoja na kiwango cha usogezaji.